Kabla hujaandika cos, uliza pembe ni ya nini na nini

Walimu wapya wa fizikia, wiki hii nimepitia maandalio yenu ya somo la kazi na nishati. Watatu kati yenu mmefanya kosa lilelile nililolifanya mimi nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nawapenda, lakini hili sitaki liwafikie wanafunzi.

1. Pembe kwenye W = Fd cos θ ni ile iliyo kati ya kani na mwendo. Si pembe ya kamba na ardhi. Kwenye sakafu tambarare hizo mbili ni kitu kimoja, ndiyo maana mnazoea vibaya. Weka mzigo kwenye mteremko wa nyuzi 20, uvute kuupandisha kwa kamba iliyoinuka nyuzi 50 kutoka mlalo: θ yako ni 30, kwa sababu mzigo unafuata mteremko. Swali likitoa pembe kutoka wima, chora kwanza, kisha itafute θ.

2. Kikokotoo. Bonyeza cos 60 kabla ya kuanza, isipotoka 0.5, hauko kwenye DEG. Cos 60 kwenye RAD hutoa namba hasi, na hapo unashtuka mwenyewe. Lakini cos 30 hutoa 0.154, namba chanya isiyotia shaka, na mwanafunzi anaendelea nayo hadi mwisho wa swali.

3. Kamba iliyoinuka haivuti mbele tu, inanyanyua pia. Hapa niwaeleze yaliyonipata.

Nilikuwa na sanduku la vitabu la kilo 20 juu ya sakafu ya saruji. Kwanza nililivuta kwa kamba iliyolala sawasawa na sakafu. Likatembea kwa mwendo usiobadilika, mizani ya springi ikisoma nyutoni 60. Uzito wake ni nyutoni 200 tukichukua g kuwa 10, kwa hiyo nikaandika ubaoni kwamba uwiano wa msuguano ni 0.3. Hadi hapo sikukosea.

Kisha nikainua kamba nyuzi 30, nikalisukuma kidogo sanduku lianze, nikalivuta mita 5 mizani ikiwa palepale kwenye 60. Kazi ya kamba: 60 × 5 × cos 30, yaani jouli 260. Kazi ya msuguano nikaiandika 60 × 5 × cos 180, jouli hasi 300. Jumla hasi 40.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kamba inavuta mbele kwa 52 na sakafu inazuia kwa 60. Mbona sanduku linatembea?"

Nilimjibu kwamba mizani ni ya zamani, haisomi vizuri. Nikamwambia anakili ubaoni. Darasa zima likanakili hasi 40, huku sanduku limefika ukutani mbele ya macho yao. Kwa hesabu yangu lingesimama kabla ya kumaliza hata robo mita, maana ule msukumo wa kuanzia ulikuwa mdogo sana. Mizani haikuwa na tatizo lolote. Niliyakataa macho ya mtoto kwa sababu nilishaandika jibu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Usiku nikachora mishale yote minne: kamba, uzito, msuguano, na sakafu inavyolisukuma sanduku juu. Ndipo nikaona. Ile sin niliyoiacha ndiyo iliyokuwa inanyanyua: 60 sin 30 ni nyutoni 30. Kwa hiyo sakafu ilikuwa inabeba 170, si 200. Msuguano ni 0.3 × 170, sawa na 51. Kazi yake ni hasi 255, na jumla inabaki jouli 5 tu, ndiyo maana sanduku liliendelea kutembea, likiongeza mwendo polepole. Cos yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichoharibika ni msuguano niliouhamisha kutoka jaribio la kwanza kana kwamba kamba bado imelala.

Ukilisukuma sanduku kwa fimbo inayoelekea chini, kwa kani ileile na pembe ileile, mambo yanageuka: sakafu inabeba 230 na msuguano unafika 69. Wapeni wanafunzi wavute, kisha wasukume, kabla ya kuandika namba yoyote.

4. Anayebeba ndoo kichwani akitembea kwenye tambarare kwa mwendo usiobadilika, kichwa chake hakifanyi kazi juu ya ndoo, kwa kuwa cos 90 ni sifuri. Watabisha kwamba shingo inauma. Wakubalieni: misuli inatumia nishati, ila haiendi kwenye ndoo.

Kesho yake nilimwita yule kijana ubaoni, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu halikuwa. Nikampa chaki. Alifuta 60, akaandika 51, kisha akauliza kama akiinua kamba zaidi kazi ya kamba itapungua au itaongezeka. Kipindi kizima tukakitumia hapo.