Neno la shukrani ukumbini, na ujumbe kwa rafiki

"Mama, Jumamosi ninatoa neno la shukrani kwa niaba ya familia kwenye harusi ya dada. Ukiacha 'asanteni', niseme nini ukumbini? Na wale rafiki zangu waliochanga niwaambieje?"

Mwanangu mpendwa,

Ukumbini sema "tunawashukuru", usiishie kwenye "tunashukuru". Ile "wa" ndiyo inayomfikia mtu aliyeketi mbele yako. Halafu taja alichofanya. Anza na wakwe, nao wapate sentensi yao peke yao: "Wakwe zetu, tunawashukuru kwa kutulelea kijana huyu na kwa kumpokea binti yetu." Mahari usiiguse, hiyo ilishazungumzwa nyumbani.

Kisha igeukie kamati: "Kwa niaba ya familia, naomba nitoe shukrani zetu za dhati kwa kamati ya maandalizi. Mmeacha shughuli zenu, mmekaa vikao hadi usiku, mmefuatilia ahadi hadi ya mwisho." Hapo kila mjumbe atajiona. "Shukrani za pekee" itumie mara moja tu, kwa unayemaanisha hasa. Nimesikia wasemaji wakiitoa kwa kila kundi, na mwishowe hakuna aliyebaki na upekee wowote.

Wageni wote washukuru kwa kujitoa "kwa hali na mali". Napenda sana maneno hayo, kwa sababu yanamkusanya aliyetoa fedha na aliyekuja kumenya vitunguu bila kumpima yeyote. "Si rahisi kumtaja kila mmoja" iseme baada ya kuwataja wanaostahili kutajwa. Ukiitanguliza, watu watadhani hukujiandaa.

Funga kwa dua: "Hatuna cha kuwalipa. Mwenyezi Mungu awaongezee pale mlipopunguza." Mchango wa harusi haurudishwi kama deni la dukani, ndiyo maana tunamwachia Mungu malipo. Ukisema "Mwenyezi Mungu", Mwislamu na Mkristo wote wataitikia amina.

Kwa rafiki zako, hayo yote yaweke kando. Ukimwandikia rafiki "naomba nitoe shukrani zangu za dhati", ataona umemsogeza mbali. Mwandikie kila mmoja peke yake, si kwenye kundi, na maneno yawe machache: "Kaka, umeniheshimisha sana mbele ya familia." Yule aliyeongeza fedha siku ile ukumbi ulipokuwa haujalipiwa, mwambie "ndugu yangu, umenisitiri", maana alikukinga na aibu, na neno hilo halimfai aliyetoa kiasi cha kawaida tu. Kwa wengine "nashukuru sana, ubarikiwe" inatosha; kati yenu hata ile "ku" ya "nakushukuru" ikikosekana, anajua ni yeye. Rafiki yako wa Tanga mwandikie "shukran", ndivyo mlivyozoeana.

Wakikujibu "tuko pamoja", usiendelee kushukuru. Piga simu siku nyingine kuwajulia hali.

Hotuba ukishaiandika, nisomee kwa simu Alhamisi jioni.

Mama yako