Traneksamiki haigandishi damu: jibu kwa mkunga aliyeniandikia usiku

Wiki iliyopita, saa nane usiku, niliamshwa na ujumbe wa mkunga kijana ambaye ana miezi michache tu kazini. "Shikamoo sista. Leo nimempa mama traneksamiki gramu moja, hata saa moja haijapita tangu ajifungue, na damu haikukata. Dawa ni feki, au nimekosea mimi?"

Traneksamiki ni dawa tunayompa mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua. Sikupata usingizi tena. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha mama ambaye hakurudi nyumbani.

Alikuwa amejifungua mtoto wa tatu. Kondo la nyuma lilitoka lote, oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 nilishamchoma, na mji wa mimba ulikuwa mgumu chini ya mkono wangu kama ulivyotakiwa kuwa. Damu ikaendelea kutoka. Nikakanda tumbo, nikaweka dripu, nikamwita daktari aliyekuwa kwenye upasuaji mwingine. Nilichokiona bila kukielewa ni hiki: mwanzoni bakuli lilikuwa na mabonge. Baadaye damu ikawa inatiririka kama maji, haiachi bonge hata dogo, na pale nilipomtoboa kuweka kanula pakaanza kuvuja upya. Traneksamiki ilikuwa imefungiwa kabatini upande wa upasuaji, nasi tuliizoea kama "dawa ya daktari". Ilipofika mkononi mwangu saa nne na ushee zilikuwa zimepita tangu mtoto atoke. Nikaichoma. Hakuna kilichobadilika.

Kwa miaka kadhaa niliwaambia wenzangu dawa ile haina kazi. Nilikosea, na nililisema kwa sauti mbele ya wanafunzi, jambo linaloniuma mpaka leo. Ndiyo maana naandika.

Damu inapoganda, mwili unafuma wavu. Nyuzi zake ni za fibrini, nazo zimetengenezwa kutokana na fibrinojeni inayozunguka kwenye damu. Wavu huo unakamata chembe za damu na kuziba tundu. Lakini mwili haukusudii wavu huo ubaki milele, kwa sababu bonge lisiloondoka lingeziba mshipa wenyewe. Kwa hiyo kazi ya kuukata wavu inaandaliwa tangu unapofumwa. Ini hutengeneza plazminojeni, protini inayozunguka ikiwa imelala. Ina vifuko vidogo vinavyoshika laisini, mojawapo ya matofali yanayojenga protini, na nyuzi za fibrini zina laisini nyingi juu yake. Plazminojeni inakaa kwenye uzi, kuta za mishipa zinatoa kiamshi, na kiamshi kinaigeuza kuwa plazmini. Plazmini ndiyo mkasi. Hapo inaanza kukata, uzi mmoja baada ya mwingine.

Traneksamiki ni molekuli ndogo inayofanana na laisini. Inaingia kwenye vile vifuko na kuvijaza. Plazminojeni ikifika kwenye wavu haina tena pa kushikia, inabaki inaelea, na mkasi haukai juu ya uzi. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haifumi wavu, haikazi mji wa mimba, haishoni palipochanika. Inalinda wavu ambao mwili umekwisha kuufuma.

Ukishalielewa hilo, utaelewa kwa nini nilishindwa. Mama anapojifungua, mahali kondo lilipokuwa limeshikilia panabaki kidonda kikubwa chenye mishipa wazi, na kiamshi cha plazminojeni kinaongezeka kwenye damu ndani ya saa ya kwanza. Kwa kawaida mwili una breki: protini iitwayo antiplazmini inaikamata plazmini yoyote inayoponyoka kutoka kwenye bonge. Tatizo linaanza plazmini inapokuwa nyingi kuliko breki. Ikienda huru ndani ya damu haichagui. Inakata fibrini iliyoziba kidonda, kisha inakata hata fibrinojeni, yaani uzi ambao ungefumia wavu mpya. Vipande vilivyokatwa navyo vinajichomeka kati ya nyuzi zinazojaribu kuungana na kuzizuia. Hivyo mama anavuja kwa sababu mbili kwa pamoja: mabonge ya zamani yanayeyuka, na mapya hayawezi kutengenezwa. Ile damu kama maji niliyoiona ilikuwa hatua hiyo. Kwa saa nne mkasi ulikuwa umekata, na uzi ulikuwa umeisha. Ningeujaza mwili traneksamiki kiasi gani, hapakuwa na wavu wa kulinda. Alihitaji damu na fibrinojeni, na alihitaji traneksamiki saa tatu zilizotangulia.

Dawa hii iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na taarifa yake ilitoka 1962. Mama Okamoto alitaka dawa ya kuwasaidia wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Miaka zaidi ya 50 ilipita ndipo utafiti mkubwa ulipofanyika kwa wanawake hao hao. Uliitwa WOMAN, nao ulihusisha wanawake 20,060 katika hospitali 193 za nchi 21, zikiwemo za kwetu Afrika Mashariki. Majibu yalitoka 2017, yeye akiwa amefariki 2016 na umri wa miaka 98. Naumia nikiwaza kwamba hakuyaona.

Majibu yenyewe yasomwe kwa utulivu. Kwa wanawake waliopewa dawa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, waliokufa kwa kuvuja damu walikuwa asilimia 1.2, na waliopewa maji tu bila dawa asilimia 1.7. Yaani katika kila 1,000, wanafariki 12 badala ya 17. Waliopewa baada ya saa 3 hawakupata nafuu. Mabonge ya hatari miguuni au mapafuni, ambayo madaktari wengi waliyaogopa, hayakuongezeka. Uchambuzi uliofuata, ulioiunganisha data hiyo na ya majeruhi, ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida kwa takriban asilimia 10. Soma sentensi hiyo tena ukiwa umesimama leba na funguo ya kabati iko kwa mtu mwingine.

Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza ni saa. Andika saa mtoto alipotoka, andika ukutani kama karatasi haipo. Ushauri wa pili ni huo huo: usisubiri uone kama oksitosini itashindwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2017 unasema traneksamiki iende pamoja na matibabu mengine mara damu inapotambuliwa kuwa nyingi, chanzo kiwe chochote, mji wa mimba uliolegea au mchaniko.

Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kufanya nilichopaswa kufanya miaka ile. Mama wa watoto wawili, mtoto wake alizaliwa saa 2:10 usiku akiwa na kilo 4.1. Siku hizi tunalaza mfuko wa plastiki wenye vipimo chini ya mama, hatukadirii tena kwa macho, maana macho hudanganya. Saa 2:24 mfuko ulisoma mililita 500. Mwenzangu akakanda tumbo na kuweka oksitosini kwenye dripu, mimi nikavunja ampuli mbili. Kila moja ina mililita 5 zenye miligramu 500, kwa hiyo mbili ni gramu 1 katika mililita 10. Saa 2:31 nikaanza kuisukuma kwenye mshipa, mililita moja kwa dakika, macho kwenye saa. Dakika 10 ni ndefu mno mama anapovuja, mkono unataka kusukuma yote mara moja. Usikubali. Ukiharakisha, presha inaweza kushuka na mama anatapika, nawe unabaki na matatizo mawili.

Wakati nasukuma, nilimwomba muuguzi mwingine avute mililita 2 za damu na kuiweka kwenye kichupa safi cha kioo kisicho na dawa, aishike ndani ya ngumi ipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 unainamisha kichupa taratibu, kisha kila dakika unarudia. Ikiwa dakika 7 zimepita na damu haijaganda, au bonge ni laini na linavunjika ukilitikisa, kuna kasoro ya ugandaji. Lile la mama huyu liliganda lakini lilikuwa laini, likaachana. Hatukungoja maabara. Tuliagiza damu palepale na kumpigia daktari.

Tulikagua kondo, lilikuwa zima. Tulikagua uke na mlango wa kizazi, hapakuwa na mchaniko. Saa 3:12 damu ilikuwa imepungua ila bado inachuruzika, na zaidi ya dakika 30 zilikuwa zimepita tangu dozi ya kwanza, kwa hiyo nikampa gramu ya pili kwa mwendo ule ule. Kichupa cha pili kiliganda na bonge likashika. Mfuko uliishia mililita 950. Alipewa uniti mbili za damu, na siku ya tatu akaondoka amembeba mtoto wake. Nilitoka nje nikalia. Sina aibu kulisema.

Jambo moja mliokabidhiwa kabati mnisikilize: msiiweke traneksamiki karibu na dawa ya ganzi ya mgongo. Ampuli zinafanana. Kuna wagonjwa waliochomwa traneksamiki kwenye uti wa mgongo kwa makosa, wakapata degedege kali na wengine wakafa, mpaka Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari 2022. Iwe ndani ya boksi la dharura la leba, lenye jina kubwa, na kila mmoja aisome kabla ya kuvuta.

Sasa nirudi kwako mdogo wangu. Nilikujibu usiku ule ule kwa swali: mji wa mimba ulikuwa laini au mgumu? Ukaniambia mgumu. Damu ilikuwa na mabonge? Ukasema ndiyo, mazuri tu, na nyekundu angavu. Hapo nikajua dawa yako ni nzima. Mabonge mazuri maana yake mkasi haukuwa umeshinda, na mji mgumu maana yake damu inatoka penginepo. Nikakuandikia: chukua taa, mwite mwenzako akushikie, kagua mlango wa kizazi pande zote.

Saa tisa na robo ukanijibu kwamba mmeona mchaniko upande wa kushoto wa mlango wa kizazi, kama sentimita tatu, na daktari ameshaanza kushona.