Kabla ya kununua hisa moja, hesabu ni ngapi zimepanda

Shemeji yangu mwenye duka pale Kikuubo alinipigia akitaka nimtajie hisa ya benki ya kununua, maana redioni walikuwa wamesema soko la Kampala limepanda. Nilimwambia benki tuiweke kando kwanza, tufungue ripoti ambayo dalali hututumia jioni, tuone ni nani hasa aliyepanda.

Fahirisi kuu ya Soko la Hisa la Uganda, yaani ile namba inayoonyesha soko zima limepanda au limeshuka, huzipima kampuni kwa thamani yake sokoni, na ndani yake zimo kampuni za Kenya zilizoorodheshwa hapa pia, kama Equity, KCB na East African Breweries. Bei za hizo hufuata Nairobi. Kwa hiyo siku nyingine unaambiwa soko letu limepanda, kumbe ni Wakenya waliokuwa wakinunua. Mimi hutazama fahirisi ya kampuni za ndani, na hata hiyo siiamini peke yake, kwa sababu MTN, Airtel na Stanbic ni kubwa mno kuliko wenzao.

Chukua mfano wa kubuni wa kampuni nane. Moja ina uzito wa asilimia 40 kwenye fahirisi, nayo imepanda asilimia 6. Saba zilizobaki, kwa wastani wa uzito wao, zimeshuka asilimia 1. Kubwa inaongeza pointi 2.4, wengine wanapunguza 0.6, fahirisi inafunga juu kwa asilimia 1.8. Mtangazaji hajadanganya. Lakini ukihesabu majina, aliyepanda ni mmoja, walioshuka ni watano, na wawili hawakuguswa.

Hao wasioguswa ndio watu wengi huwapita. Kwenye soko dogo kama letu, bei kubaki palepale mara nyingi maana yake hakuna aliyeuza wala kununua. Angalia safu ya idadi ya hisa zilizouzwa: ikiwa sifuri, hiyo bei ni ya zamani. Mimi huziandika kwenye safu yake, mbali na zilizopanda na zilizoshuka, na bei iliyosogezwa na hisa mia mbili tu naitia humohumo. Pia silinganishi jana na leo. Nalinganisha Ijumaa hii na Ijumaa ya wiki nne nyuma, maana hesabu ya siku moja hapa kwetu inayumba sana.

Halafu kuna gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa. Hisa iliyokuwa shilingi 50 ikitoa gawio la shilingi 3, kisha ikawa 48 baada ya rejista ya wanahisa kufungwa, kwenye ripoti imeshuka. Aliyeishika ana 48 na 3, yaani 51 kabla ya kodi. Naihesabu kuwa imepanda. Usiporekebisha hilo, msimu wa magawio utadhani soko zima linaumwa.

Ndipo nafika kwenye sekta. Stanbic, Baroda na dfcu zikipanda pamoja huku kampuni za simu zimesimama, fedha zinahamia hisa za benki. Ikipanda benki moja tu, hiyo ni habari ya benki hiyo, nami natafuta kilichoipandisha kabla sijainunua. Mimi na shemeji tulikuta imepanda benki moja tu, tena kwa hisa chache.

Ila mhamo mkubwa zaidi Uganda ni ule wa kutoka hisa kwenda hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ambako mifuko kama NSSF huweka sehemu kubwa ya fedha zake. Tuseme hatifungani ya miaka kumi inalipa asilimia 15. Kodi ya asilimia 10 ikikatwa, unabaki na 13.5. Hisa yenye gawio la asilimia 8 inakuachia 7.2 baada ya kodi kama hiyo, basi bei yake lazima ipande asilimia 6.3 kwa mwaka ndipo mlingane. Riba ya mnada wa hatifungani ikipanda na hisa za sekta zote zikalegea kwa pamoja, usiilaumu benki uliyoichagua.

Kipimo hiki kina mipaka. Kampuni za simu ni mbili tu, na sekta ya umeme ilikuwa na kampuni ya Umeme peke yake. Mkataba wake wa kusambaza umeme uliisha tarehe 31 Machi 2025, na kuelekea siku hiyo niliiondoa kwenye hesabu, kwa kuwa bei yake ilikuwa ikifuata mkataba na malipo ambayo serikali ingeilipa mkataba ukiisha, haikuwa ikisema lolote kuhusu wengine.

Wala hesabu hii haisemi kama hisa ni rahisi au ghali. Hilo liko kwenye vitabu vya kampuni. Mimi huitumia kuamua ninunue kiasi gani. Zikipanda nyingi na sekta yangu imo, natoa oda yote. Akipanda mmoja tu, natoa theluthi, tena kwa bei isiyozidi ile niliyomtajia dalali mwenyewe, kisha nasubiri wiki nne zipite nihesabu upya.