Nimechelewa siku tisa na kipimo kinasema sina mimba

*Shangazi, nina miaka 29 na hedhi yangu haikosei, huja kila baada ya siku 28. Ya mwisho ilianza tarehe 3 Machi. Tarehe 11 nilishikwa na homa kali ya siku nne, na nilipopona tu nikapangiwa zamu ya usiku wiki mbili mfululizo. Nilitegemea siku zangu tarehe 31 Machi, hazikuja. Tarehe 1 Aprili nilipima mkojo, ukatoka mstari mmoja. Leo ni tarehe 9 na bado kimya. Tunahesabu kalenda, na mara ya mwisho kukutana na mume wangu bila kinga ilikuwa tarehe 22, siku ya 20, ambayo ni salama. Kitu pekee nilichoona ni ute mwingi wa kuvutika tarehe 25 na 26, nikadhani ni uchafu. Je, ni homa, ni zamu, au nina tatizo?*

Mwanangu, huo ute uliodhani ni uchafu ndio unaonipa jibu, kwa hiyo nianze nao.

Mzunguko wa hedhi una vipande viwili. Cha kwanza kinaanza siku unapoona damu hadi yai linapotoka kwenye ovari. Cha pili kinaanza yai linapotoka hadi damu inayofuata. Kipande cha pili hakibadiliki sana: kwa wanawake wengi ni siku 12 hadi 14, na kwa mwanamke yule yule hurudia karibu idadi ile ile kila mwezi. Kinachorefuka na kufupika ni kile cha kwanza. Ndiyo maana mtu anaposema hedhi imechelewa, mara nyingi kilichochelewa ni yai. Damu yenyewe inakuja kwa wakati wake, ila inahesabu kuanzia siku yai lilipotoka.

Yai hutoka kwa amri ya ubongo. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma homoni kwa vipindi maalumu, na homoni hizo ndizo zinazokuza kifuko cha yai mpaka kipasuke. Homa kali, kukosa usingizi, au kulala mchana na kukesha usiku huvuruga vipindi hivyo. Safari ndefu ya kuvuka nchi ambazo saa zake zinatofautiana sana na za kwenu hufanya vivyo hivyo, kwa sababu saa ya mwili inabaki kule ulikotoka kwa siku kadhaa. Mwili ukiona hali si shwari, unasimamisha kifuko kilichokuwa kinakua, kisha unaanza tena hali ikitulia.

Sasa angalia tarehe zako. Kwa kawaida yai lako lingetoka tarehe 16 au 17 Machi. Homa ilikukuta tarehe 11, yaani siku ya 9, wakati kifuko kinakua. Ulipopata nafuu ukaingia moja kwa moja kwenye usiku wa kukesha, siku zile zile ambazo yai lilitakiwa kutoka. Vyote viwili vimepiga mahali panapouma. Kama homa hiyo ingekupata tarehe 20, baada ya yai kutoka, ningetegemea uone siku zako tarehe 31 au karibu yake. Wengi hawalijui hili, wakajiuliza kwa nini mwezi mmoja waliugua na hedhi ikaja vilevile, na mwezi mwingine mafua tu yakawachelewesha wiki nzima.

Ute wa kuvutika, unaoteleza na kung'aa kama ute wa yai bichi, hutoka siku chache kabla ya yai na siku yenyewe. Ukiushika kati ya vidole viwili unavutika bila kukatika. Uchafu wa maambukizi hauko hivyo: huwa na harufu, hubadilika rangi, au huleta muwasho. Kwa kuwa wako ulionekana tarehe 25 na 26, inawezekana sana yai lilitoka tarehe 26 au 27. Ongeza siku 14 za kipande cha pili, na hedhi yako inaangukia tarehe 9 au 10 Aprili. Kwa hesabu hiyo hujachelewa siku tisa, ndiyo kwanza umefika. Haya ni makadirio, maana mara nyingine mwili hutoa ute, ukashindwa kutoa yai, ukajaribu tena baadaye.

Lakini mwanangu, nisikufiche jambo zito zaidi. Tarehe 22 haikuwa salama. Ingekuwa salama kama yai lingetoka tarehe 16. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano, na kutoka tarehe 22 hadi 26 au 27 ni siku nne au tano. Mimba inawezekana.

Na kile kipimo cha tarehe 1 Aprili hakikuweza kukuambia lolote. Homoni inayosomwa na kipimo huanza kutengenezwa baada ya mimba kujishika kwenye mji wa mimba, na hilo huchukua takriban siku 6 hadi 10 tangu yai litoke. Wewe ulipima siku ya tano au ya sita. Mstari mmoja ungetoka hata kama una mimba.

Usihesabu tena kutoka tarehe uliyotegemea hedhi, kwa kuwa tarehe hiyo imeshaharibika. Hesabu siku 21 tangu ulipokutana na mumeo mara ya mwisho bila kinga. Kwako ni tarehe 12 Aprili. Pima kwa mkojo wa kwanza baada ya usingizi wako mrefu, hata kama unalala mchana, na usinywe maji mengi kabla, kwani mkojo ukiwa mwepesi homoni inafifia. Soma jibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya kipimo. Mstari unaojitokeza baada ya saa nzima usiuhesabu. Ukipata mstari mmoja na damu haijaja, rudia baada ya wiki. Mpaka hapo tumieni kondomu, na usimeze dawa wala mitishamba ya kuleta hedhi.

Damu ikija inaweza kuwa nyingi au kidogo kuliko ulivyozoea, na kwa mwezi mmoja hilo halinitishi. Matone machache ya siku moja usiyaite hedhi. Pima hata kama umeyaona. Kipimo kikisoma mimba kisha upate maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, maumivu ya ncha ya bega au kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mimba inaweza kuwa nje ya kizazi.

Kama huna mimba, mzunguko unaofuata kwa kawaida hurudi mahali pake usingizi ukitulia. Ukipita miezi mitatu bila kuona siku zako, au maziwa yakitoka kwenye chuchu na hunyonyeshi, mwone daktari na mwambie na dawa zote ulizomeza ulipougua, maana baadhi ya dawa za kuzuia kutapika husimamisha hedhi.

Na kama zamu za usiku zitaendelea, acheni kutegemea kalenda kuzuia mimba. Ongea na mhudumu wa uzazi wa mpango kuhusu njia isiyohitaji kujua yai linatoka lini.