Hali ya Kampuni Ikisomeka “Active”, Tazama Kwanza Taarifa Ilichukuliwa Lini

Hivi karibuni msomaji mmoja aliniandikia swali ambalo nimeulizwa kwa namna nyingi tangu nianze kazi ya kuchunguza makampuni. Alikuwa ametafuta jina la kampuni moja katika OpenCorporates, kanzidata ya makampuni iliyo mtandaoni, akaikuta, akaona hali yake imeandikwa `Active`, yaani ipo hai, na sasa alitaka kujua kama hilo lingetosha kumshauri mkuu wake alipe malipo ya awali. Nilimjibu kwamba halitoshi. Akanirudia, kwa heshima lakini bila kuridhika, akisema kwamba taarifa zile zinatoka serikalini. Ni kweli zinatoka serikalini, ila ukurasa aliousoma haukuwa wa serikali, na jambo hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu, kwa sababu najua wengi wanaosoma hapa wanataka kuifanya kazi hii kwa kiwango cha kutegemewa.

OpenCorporates ilianza mwaka 2010 jijini London, na leo hukusanya kumbukumbu za kampuni zaidi ya milioni 200 kutoka mamlaka za usajili zaidi ya 140, nyingine za nchi na nyingine za majimbo. Yenyewe haisajili kampuni hata moja. Kinachoonekana humo ni nakala ya kile ambacho msajili fulani alikuwa amekitangaza siku nakala ilipochukuliwa. Wapo wasajili wanaotoa daftari lao zima bure kwa kupakuliwa, kama afanyavyo msajili wa Uingereza, Companies House, na wapo wanaoruhusu tu kutafuta kampuni moja moja, wengine kwa malipo. Kwa hiyo kurasa mbili zinazofanana kabisa kwa sura zinaweza kuwa na umri tofauti sana. Umri huo haufichwi: chini ya kila kumbukumbu kuna chanzo na tarehe, na anayezivuta taarifa kwa programu kupitia API huiona tarehe hiyo katika sehemu iitwayo `retrieved_at`. Nasikitika kusema kwamba sijawahi kupokea ripoti kutoka kwa mchunguzi mchanga ikiwa imeitaja tarehe hiyo bila mimi kuiuliza.

Niieleze kazi moja ambayo hadi leo najivunia. Mfanyabiashara mmoja aliletewa mkataba wa kununua mitambo kutoka kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Uingereza, ikidai sehemu ya fedha kabla ya kusafirisha mzigo. Aliniletea mkataba na ankara, akasema kwamba ameshaikuta kampuni hiyo mtandaoni, ina miaka mingi na hesabu zake zimewasilishwa kila mwaka, na kwamba anachotaka kwangu ni uthibitisho mfupi tu.

Nilipolitafuta jina, nilipata orodha ndefu. Utafutaji wa humo ni mpana kwa makusudi: maneno ya jina yanaweza kufuatana kwa mpangilio wowote, na majina ya zamani ya kampuni nayo huhesabiwa. Orodha yangu ilikuwa na kampuni za Uingereza, ya Hong Kong, na kadhaa za majimbo ya Marekani. Hizo za Marekani zinahitaji maelezo, maana huwachanganya wengi. Kampuni iliyoundwa Delaware ikitaka kufanya biashara California na New York hulazimika kujisajili huko pia, ikapewa namba nyingine na kila jimbo. Katika orodha utaona kumbukumbu tatu, lakini kampuni ni moja. Alama ya kukuongoza ni sehemu iitwayo `branch`: ikiwa na herufi `F`, unatazama usajili wa kampuni iliyoundwa kwingine, na huna budi kurudi ilikozaliwa.

Baada ya kuziondoa hizo, kampuni ya Uingereza yenye jina lile hasa ilibaki moja, ndiyo aliyoiona mteja wangu. Hapo wengi huishia. Mimi niliichukua ankara na kusoma namba ya usajili iliyoandikwa chini kwa herufi ndogo, kwa kuwa jina la kampuni hubadilika na namba haibadiliki. Namba ile ilikuwa na tarakimu saba, na nilipoiingiza haikuleta kitu. Namba za Companies House huwa na nafasi nane: ama tarakimu tupu, ama herufi mbili mwanzoni, kama `SC` kwa Uskoti na `NI` kwa Ireland Kaskazini. Programu za majedwali huila sifuri ya mwanzo bila mtu kutambua, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Nilipoirudisha sifuri, kampuni ilijitokeza, lakini chini ya jina jingine kabisa, na haikuwa ile aliyoiona mteja wangu. Mbele ya jina hilo jingine kulikuwa na neno `Active`.

Jambo hilo lina maelezo mawili. Huenda mtu ameiba au amekosea namba, au huenda kampuni imebadilisha jina baada ya nakala kuchukuliwa. Kanzidata iliyokusanywa haiwezi kukuamulia, kwa sababu inajua tu yaliyokuwepo siku ya nakala, na nakala ile ilikuwa ya miezi kadhaa nyuma. Njia ni kuipeleka namba ileile kwa msajili mwenyewe:

```
https://opencorporates.com/companies/gb/<namba>
https://find-and-update.company-information.service.gov.uk/company/<namba>
```

Ukurasa wa pili, bure na bila kujiandikisha, una orodha ya nyaraka zote zilizowasilishwa kwa mpangilio wa tarehe, na hapo mambo yalifunguka. Kampuni yenye miaka mingi, ile iliyomvutia mteja wangu, ilikuwa imeacha jina lake na kuchukua jingine. Sheria ya Uingereza hairuhusu kampuni mbili kuwa na jina moja kwa wakati mmoja, lakini jina likishaachwa huweza kuchukuliwa na kampuni nyingine, na kampuni iliyotoa ankara ndiyo iliyolichukua. Mteja wangu alikuwa akisoma historia ya kampuni moja huku akitayarisha kulipa nyingine. Sikupata ushahidi kwamba jina lilichukuliwa kwa nia mbaya, na katika ripoti sikuandika hivyo. Niliandika namba mbili, majina yote, na tarehe za kila badiliko.

Hali ya kampuni iliyotoa ankara nayo haikuwa tena `Active` peke yake. Kwa msajili ilisomeka `Active — Active proposal to strike off`. Maana yake ni kwamba kampuni ipo kisheria hadi leo, lakini utaratibu wa kuifuta katika daftari umeshaanza, na katika kesi hii ulianzishwa na msajili mwenyewe baada ya kampuni kutowasilisha hesabu. Tangazo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na isipotokea sababu ya kusimamisha, kampuni inaweza kufutwa baada ya miezi isiyopungua miwili. Ikifutwa, mali iliyobaki mikononi mwake huenda kwa Taji la Uingereza, na aliyelipa malipo ya awali hubaki akidai chombo ambacho hakipo, mpaka aombe kirudishwe katika daftari. Nakala yenye umri wa miezi mitatu inaweza kukosa utaratibu huo wote, kuanzia tangazo hadi kufutwa.

Mteja alinilipa, lakini alilalamika kwamba nimetumia muda mwingi kwa taarifa ambazo kila mtu anazipata bure. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma nikiyakumbuka. Taarifa ni za bure kweli. Kujua ni ukurasa upi una haki ya kuaminiwa kwa jambo lipi ni kazi, na mnaotamani kuwa wachunguzi msikubali mtu awashawishi vinginevyo.

Msomaji wangu aliuliza pia kuhusu kampuni ya pili, ya Delaware, ambayo ukurasa wake haukuwa na jina la mkurugenzi wala mwanahisa, akashuku kwamba inaficha kitu. Hapa lazima niwe mkali kidogo: pengo katika kanzidata ni swali la kumuuliza msajili kwanza, kabla ya kuishuku kampuni. Utafutaji wa bure wa Delaware huonyesha jina, namba ya faili, tarehe ya kuundwa na wakala aliyesajiliwa, yaani anayepokea nyaraka za kisheria kwa niaba ya kampuni. Hata hali ya kampuni hutolewa kwa malipo. Kampuni za aina ya LLC huko hazilazimiki kumtajia msajili wanachama wala mameneja wao. Hakuna mkusanyaji anayeweza kunakili kisichoandikwa. Kadhalika anwani: maelfu ya kampuni za Delaware hutumia anwani ya wakala mmoja, na kuiona anwani hiyo kwenye kampuni mbili hakuzifanyi kuwa ndugu. Ulaya nako, tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 22 Novemba 2022, nchi kadhaa zilifunga milango ya wazi ya daftari za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni, kwa hiyo jina lililoonekana kabla ya hapo huenda halijahakikiwa tena na yeyote aliye nje.

Wengine huniambia kwamba basi wanatumia LEI, kitambulisho cha herufi na tarakimu 20 kinachosimamiwa na taasisi ya GLEIF. Naipenda, kwa kuwa kumbukumbu yake hubeba namba ya usajili ya nchi husika na hivyo hukuvusha kutoka kanzidata moja hadi nyingine bila kutegemea jina. Lakini LEI huhuishwa kila mwaka, na neno `LAPSED` linasema tu kwamba kampuni haikuhuisha. Halisemi kwamba imekufa. Kampuni mama inayotajwa humo nayo ni ile inayojumuisha hesabu za tanzu zake kwa kanuni za uhasibu. Usiiandike katika ripoti kama mmiliki manufaa. Tena kampuni nyingi ndogo hazina LEI kabisa, kwa hiyo kutoiona hakukuambii lolote.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, chukua namba iliyo kwenye mkataba wako, ihesabu nafasi zake, ipeleke kwa msajili, na linganisha jina la leo na jina lililo kwenye mkataba. Andika katika ripoti tarehe ya nakala na tarehe uliyomtembelea msajili, kila moja mahali pake. Na kama mkuu wako ameshalipa, na kampuni ya Uingereza imetangazwa kufutwa, usisubiri: mdai ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa Companies House pamoja na ushahidi wa deni, kama ankara na barua za kudai, kabla muda wa tangazo haujaisha. Pingamizi likikubaliwa ufutaji husimamishwa kwa muda, na kampuni hubaki ikiwepo wakati unaifuatilia fedha.