Jibu: Mistari miwili ya matende shuleni, na hela ya kangomba

"Mwanangu wa darasa la kwanza kapimwa matende shuleni, hapa Mikindani, ikatoka mistari miwili. Mpimaji anasema kipimo kinapatia 98 kwa 100. Nimepata mtu wa kangomba anipe hela ya korosho sasa hivi nimpeleke mtoto Dar. Niwahi kiasi gani?"

Usipokee hiyo hela. Dada, kama umeshaipokea irudishe leo, kabla hujaigusa. Korosho ikishaondoka kwa kangomba, anayeinunua kwa bei ya chini kabla ya mavuno, ndiyo imekwenda, na mtoto wako inawezekana kabisa kwamba hana kitu.

Hiyo "98 kwa 100" umeelezwa kinyumenyume. Maana yake halisi ni hii: ukichukua watoto 100 ambao hawana minyoo ya matende, 98 watatoa mstari mmoja na 2 watatoa miwili kwa makosa. Wewe umeambiwa kana kwamba kati ya watoto 100 wenye mistari miwili, 98 wanaumwa. Hayo ni makundi mawili tofauti. La kwanza ni la watoto wazima, unatafuta kipimo kimewakosea wangapi. La pili ni la wenye mistari miwili, unatafuta wangapi kweli wanaumwa. Swali lako liko kwenye kundi la pili, na jibu lake halimo kwenye ile 98 peke yake hata uigeuze vipi.

Chukua daftari la mtoto na kalamu. Andika juu: watoto 1000. Sasa jiulize, kabla hajachomwa mtu kidole, kati ya hao 1000 wangapi wana minyoo? Dawa za matende na mabusha zimegawiwa miaka mingi, na watoto wa darasa la kwanza wamezaliwa wakati zinaendelea kumezwa, kwa hiyo kwao ugonjwa umekuwa adimu. Tuseme ni 5. Namba hii nimeiweka mimi ili tuhesabu, ya kata yako kamuulize mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele wa halmashauri. Chora mistari miwili kutoka kwenye 1000, mmoja uende kwenye 5 na mwingine kwenye 995.

Wale 5, tuseme kipimo kimewanasa wote. Mistari miwili 5. Wale 995 hawana kitu, lakini kipimo kinakosea 2 katika kila 100, kwa hiyo karibu 20 kati yao nao watatoa mistari miwili. Jumlisha: watoto 25 wanarudi nyumbani na habari kama ya mwanao. Wanaoumwa kweli ni 5. Mmoja kati ya watano.

Soma tena hapo. Kipimo hakijaharibika, hakuna aliyedanganya kwenye boksi, na bado wanne kati ya kila watano wenye mistari miwili hawana minyoo. Ni kwa sababu wazima ni wengi mno. Kosa dogo likipigwa kwenye watu 995 linazaa watu wengi kuliko wagonjwa wote waliopo.

Mimi nimewahi kuwatamkia wazazi maneno yaleyale aliyokutamkia mpimaji wako, na mzazi mmoja akatoa korosho za msimu mzima kwa kangomba kabla mtoto hajapimwa mara ya pili. Aliyetufundisha kwenye semina alisimama mbele akasema "mistari miwili ni ugonjwa, msiwachanganye wazazi". Hasira yangu kwake haijaisha. Alifundisha mambo ya enzi ambayo ugonjwa ulikuwa umejaa pwani yote, hakutuambia kwamba enzi hizo zikibadilika, mistari ileile inabadilika maana.

Na inabadilika kweli. Rudi kwenye daftari, futa 5, weka 200, kama kijiji ambacho ugonjwa umekithiri. Wazima sasa ni 800, kipimo kinawakosea 16. Mistari miwili jumla ni 216, na 200 ni wagonjwa kweli, yaani zaidi ya tisa kati ya kumi. Ukanda wa kupimia ni uleule, makosa ni yaleyale 2 kwa 100. Kilichobadilika ni wale 1000 ulioanza nao.

Ndiyo maana nakusisitiza: ukisikia asilimia ya kipimo, usiifanyie chochote mpaka uwe na watoto 1000 kwenye karatasi na ujue wangapi kati yao wanaumwa. Na wawe 1000 wanaofanana na mwanao. Kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye damu yake imeonekana na vijinyoo, mtoto wako hayuko kwenye 5 kwa 1000. Labda yuko kwenye 50. Basi wazima 950, makosa 19, mistari miwili 69, wagonjwa 50. Hapo hofu yako ina msingi.

Sasa kuhusu hizo 2 kwa 100, nazo zinaweza kuwa zaidi siku ya kazi. Ukanda huu unataka damu ya kidole mikrolita 75, na unasomwa dakika 10 baada ya damu kuingia. Ukiachwa mezani muda mrefu, mstari wa pili hujitokeza wenyewe kwa mtoto asiye na kitu, mwembamba, wa waridi uliofifia. Foleni ya darasa zima, kanda thelathini zimepangwa, mpimaji mmoja na saa moja ya mkononi: ndipo hutokea. Muulize mpimaji kama aliandika saa ya kuweka damu na saa ya kusoma kwenye ukanda wa mwanao. Kama hakuandika, omba apimwe upya kwa ukanda mpya na usimame pale na simu yako uhesabu dakika.

Kurudia ukanda kunaondoa makosa ya saa na ya kiasi cha damu. Hakuondoi kosa linalotokana na kitu kilichomo kwenye damu ya mtoto mwenyewe, hilo litajirudia. Tuseme wale 20 wa makosa 16 walikuwa wa kuchelewa kusoma. Baada ya kurudia wanabaki 4, pamoja na wagonjwa 5. Sasa mwenye mistari miwili mara mbili ni mgonjwa kwa nafasi 5 kati ya 9. Si mmoja kati ya watano tena.

Akifika hapo, uliza hospitali kuhusu damu ya usiku, kati ya saa nne na saa nane usiku, maana vijinyoo hivi hutoka kwenye damu ya juu wakati huo. Damu ya mchana ikionekana safi chini ya darubini haikuambii kitu. Hata ya usiku ikiwa safi haifuti kila kitu, kwa sababu ukanda unatafuta dalili za minyoo wakubwa walioko kwenye mishipa ya limfu, nao wanaweza kuwepo bila vijinyoo kuonekana. Lakini vikionekana, hakuna ubishi tena.

Na ikithibitika, dawa zake ni ivamektini na albendazoli, zilezile zilizogawiwa bure hapo kwenu. Uvimbe wa matende huchukua miaka kujengeka, hauji wiki hii wala mwezi huu. Muda wa kupima mara ya pili unao, na korosho ziache mtini.