Kijiti kimoja cha RAM na kasi ya michezo: namna ya kuhakiki chaneli mbili

SWALI: Nimenunua kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G. Haina kadi ya michoro, na RAM ni kijiti kimoja cha GB 16 cha DDR4-3200. Rafiki yangu ana mashine kama hii yenye vijiti viwili vya GB 8, na GTA V kwake inakwenda laini kuliko kwangu ilhali jumla ya RAM ni ileile. Je, sababu ni nini? Na nikiongeza kijiti cha pili, nitajuaje kwamba chaneli mbili zinafanya kazi kweli?

JIBU: Prosesa yako ina chaneli mbili za kuwasiliana na RAM, na kila chaneli ina upana wa biti 64, yaani hupitisha baiti 8 kwa mkupuo. Kijiti cha DDR4-3200 hupitisha mikupuo bilioni 3.2 kwa sekunde, kwa hiyo chaneli moja haiwezi kuvuka GB 25.6 kwa sekunde, hata kijiti kiwe kikubwa kiasi gani. Mashine ya rafiki yako inatumia chaneli zote mbili kwa wakati mmoja, na kikomo chake ni GB 51.2. Kwako chaneli ya pili ipo, lakini haina kijiti cha kuzungumza nacho.

Katika kazi za ofisini huenda usingeitambua tofauti hiyo kabisa. Inakuumiza kwa sababu 5600G huchora picha kwa GPU iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, na GPU hiyo haina kumbukumbu yake binafsi, bali hukopa sehemu ya RAM na kupita katika chaneli zilezile zinazotumiwa na prosesa. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila nukta huchukua baiti 4, hivyo picha moja iliyokamilika ni takriban MB 8.3. Kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni nusu GB tu, na mtu angeweza kudhani kwamba GB 25.6 ni tele. Lakini mchezo hauiandiki nukta mara moja ukaachana nayo. Barabara huchorwa, kisha gari juu yake, kisha vivuli na kioo cha gari, na kila hatua husoma picha za maumbo, hulinganisha umbali wa kila kitu, huandika matokeo na kuyasoma tena katika hatua inayofuata. Wakati huohuo prosesa inataka sehemu yake ya njia hiyohiyo ili kuendesha magari na watu wa mtaani. Kwa kulinganisha, kadi ya GTX 1650 ya toleo la GDDR5, ambayo nayo ni kadi ya daraja la chini, ina GB 128 kwa sekunde zake peke yake. Ndiyo maana GPU ya ndani hukaa ikisubiri data, na kupunguza ubora wa picha hakusaidii kama ulivyotarajia.

Aliye na kadi ya michoro ya kuchomeka huathirika kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa picha zake hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi. Kwake wastani wa fremu huenda usishuke sana, lakini katika michezo inayoilemea prosesa ataona mashtuko ya ghafla, hasa anapoingia eneo jipya lenye vitu vingi.

Sasa kuhusu kijiti cha pili. Nunua cha GB 16 chenye kasi ileile ya 3200. Si lazima kiwe cha kampuni ileile, ingawa jozi iliyouzwa pamoja huleta usumbufu mdogo zaidi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha utazame ubao mama kabla ya kuchomeka chochote, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Ubao wenye sloti nne huwa na sloti mbili kwa kila chaneli, na kwa kawaida mbili za kwanza ni za chaneli moja, mbili za mwisho ni za chaneli nyingine. Ukiweka vijiti vyako vyote viwili katika sloti za chaneli moja, Windows itaonyesha GB 32, Task Manager itaandika sloti mbili kati ya nne zinatumika, kila kitu kitaonekana shwari, na bado utakuwa kwenye chaneli moja. Kwenye bao nyingi sloti zinazotakiwa ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na huandikwa A2 na B2, lakini kitabu cha ubao wako ndicho chenye kauli ya mwisho. Ubao wenye sloti mbili tu hauna utata huu.

Mashine ikiwaka, usiitegemee Task Manager, kwani haionyeshi idadi ya chaneli. Fungua programu ya bure ya CPU-Z, nenda kwenye ukurasa wa Memory, utazame mstari wa Channel #. Matoleo ya zamani huandika Single au Dual, na ya karibuni huandika upana: kwa DDR4, 1 x 64-bit ni chaneli moja, na 2 x 64-bit ndiyo unayoitafuta. Mwenye DDR5 asidanganyike hapa, maana kijiti kimoja cha DDR5 kimegawanywa ndani kwa sehemu mbili za biti 32 na huweza kuonekana kama 2 x 32-bit. Vijiti viwili vilivyokaa sawa huonyesha 4 x 32-bit.

Ukitaka ushahidi wa pili bila kusakinisha kitu, fungua PowerShell na uandike:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
  Select-Object BankLabel, DeviceLocator, ConfiguredClockSpeed
```

Kwenye mashine nyingi za AMD, safu ya BankLabel hutaja CHANNEL A na CHANNEL B. Vijiti vyote viwili vikitajwa kuwa vya CHANNEL A, vihamishe. Baadhi ya bao huandika majina yasiyoeleza chaneli, na hapo urudi kwenye CPU-Z. Ikiwa sloti ni sahihi lakini kijiti kimoja hakionekani kabisa, kwanza kichomoe na ukirudishe kwa kukisukuma mpaka vibano vifunge, kisha jaribu kila kijiti peke yake ili ujue kama kasoro ni ya kijiti au ya sloti.

Katika ukurasa uleule wa CPU-Z, soma pia DRAM Frequency. Kwa DDR4-3200 inatakiwa iwe karibu na 1600 MHz, kwa kuwa data hupita mara mbili katika kila mzunguko. Ukiona 1200 au 1333, basi vijiti vinakwenda kwa kasi ya tahadhari, na utahitaji kuingia BIOS na kuwasha XMP, yaani mpangilio unaoviruhusu vijiti kwenda kwa kasi yake kamili, ambao kwenye baadhi ya bao huitwa DOCP. Hili ni la kuangalia hata leo kabla hujanunua kijiti, maana huenda hata hiyo GB 25.6 huipati yote.

Mwisho, upimaji wa mchezo wenyewe. GTA V ina jaribio lake la kupima fremu katika menyu ya michoro. Liendeshe sasa ukiwa na kijiti kimoja na uandike matokeo, kisha uliendeshe tena baada ya kuongeza cha pili bila kugusa mpangilio wowote wa picha. Kwa GPU ya ndani kama yako, fremu zikibaki palepale baada ya vijiti viwili, usihangaike na mchezo: rudi kwenye Channel # na kwenye sloti.